Akaunti ya Benki Bila Hati ya Mshahara: Ulinganisho wa Njia Tatu na Nyaraka Zake

Hati ya mshahara si sharti la kufungua akaunti binafsi ya akiba. Ni sharti la akaunti ya mshahara na la mkopo wa mfanyakazi, na kwa kuwa mambo hayo yote hushughulikiwa katika ukumbi mmoja, mara nyingi na afisa yuleyule, watu wengi wasio na mwajiri huondoka benki wakiamini kwamba wamekataliwa, ilhali walichokosa ni aina moja tu ya akaunti ambayo hata isingewafaa. Nilikaa kwenye dawati la kufungulia akaunti kwa miaka kadhaa jijini Mwanza, na wengi wa waliokaa mbele yangu hawakuwa na mwajiri: wachuuzi, mafundi, madereva wa bodaboda, wakulima, na akina mama wanaotumiwa fedha na watoto wao. Ninayoandika hapa yanahusu Tanzania, na yanalinganisha njia tatu ambazo mtu wa namna hiyo anaweza kupita, ili achague kabla hajatoka nyumbani.

Inafaa kwanza kueleza hati ya mshahara humsaidia nini afisa wa benki, kwa sababu ukilijua hilo utajua pia kitu gani kinaweza kushika nafasi yake. Chini ya sheria ya kudhibiti fedha haramu ya mwaka 2006 na kanuni zake, benki inapaswa kumjua mteja wake, na kwa lugha ya kawaida hiyo ina maana ya kupata majibu ya maswali manne: wewe ni nani, unaishi wapi, fedha zako zinatoka wapi, na ni kiasi gani kinatarajiwa kupita kwenye akaunti yako. Mwenye hati ya mshahara hujibu maswali mawili ya mwisho kwa karatasi moja, maana ina jina la mwajiri, kiasi na mwezi. Asiye nayo anatakiwa kujibu kwa njia nyingine, na ukali wa maswali hutegemea ukubwa wa fedha zitakazopita. Hapo ndipo njia hizi tatu zinapoachana.

| | Akaunti nyepesi | Akiba ya kawaida | Akaunti ya mjasiriamali |
|---|---|---|---|
| Hufunguliwa wapi | Kwa wakala au kwa simu | Tawini | Tawini |
| Utambulisho | Namba ya NIDA na alama ya kidole | Kitambulisho au namba ya NIDA. Baadhi ya benki hupokea vingine pamoja na barua | NIDA |
| Makazi | Kwa kawaida hakuna karatasi | Barua ya serikali ya mtaa, pale inapodaiwa | Barua ya mtaa au anwani ya biashara |
| Chanzo cha mapato | Maelezo ya mdomo | Maelezo kwenye fomu, na uthibitisho ukidaiwa | Namba ya mlipakodi, leseni au kitambulisho cha mjasiriamali |
| Kikomo cha fedha | Kipo, na huwa kidogo | Kipana | Kipana |

Jedwali hili ni picha ya jumla. Kila benki ina orodha yake na viwango vyake, na hata matawi mawili ya benki moja huweza kutofautiana katika kudai picha au barua, kwa hiyo swali la mwisho liulizwe kwenye tawi unalokusudia kwenda.

Nianze na akaunti nyepesi, ambayo ndiyo iliyowaingiza watu wengi benki katika miaka ya karibuni. Wakala hukaa na simu au mashine yenye kisomea alama za vidole. Unampa namba yako ya kitambulisho cha taifa, unaweka kidole, mfumo unauliza NIDA kama kidole hicho ni cha mwenye namba hiyo, na majibu yakirudi sawasawa jina, tarehe ya kuzaliwa na picha yako vinajijaza vyenyewe. Kadi ya plastiki si lazima uwe nayo mkononi, kwa kuwa kinachohakikiwa ni namba. Namba hiyo ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Hebu zisome kabla hujaenda, maana ukiona si tarehe unayoitumia kwenye nyaraka zako nyingine, umegundua mapema tatizo ambalo lingekukwamisha dirishani. Aliyekwisha kujiandikisha lakini hajapata kadi wala hajui namba yake anaweza kuitafuta kupitia menyu ya huduma za serikali kwenye simu, `*152*00#`, kwa kufuata sehemu ya utambuzi.

Kitu cha pili katika njia hii ni namba ya simu, na hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikirii. Akaunti nyepesi inaishi ndani ya simu: ujumbe wa kuthibitisha, namba ya siri na taarifa za salio vyote hupita humo. Kama laini unayoitumia ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mume wako, kaka yako au kijana aliyekuuzia simu, benki ikilinganisha jina la laini na jina la akaunti itaona watu wawili. Hata pale benki isipolinganisha, siku laini hiyo itakapopotea hutaweza kuirudisha bila mwenye jina. Piga `*106#` uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Kama ile unayoitegemea haimo, ishughulikie kwanza kwenye duka la mtandao wako, halafu ndipo uende kufungua akaunti.

Kinachokwamisha zaidi, hata hivyo, ni kidole chenyewe. Mwashi, mchimbaji, mwanamke anayeparua samaki mwaka hadi mwaka, mzee aliyelima kwa jembe la mkono maisha yake yote: mistari ya vidole vyao huwa imelika, na mashine hurudisha jibu kwamba kidole hakilingani. Mtu huyo si mdanganyifu na asikubali kuonwa hivyo. Aombe kujaribu vidole vingine, kwa sababu NIDA huchukua vidole vyote kumi na mara nyingi vidole vidogo vya mkono usiofanya kazi sana huwa bado vizima. Anawe mikono, aikaushe vizuri, na apake mafuta kidogo sana kama ngozi imekauka mno. Ikishindikana kabisa, aache njia ya wakala aende tawini na kadi yenyewe, ambako afisa anaweza kumtambua kwa picha, kadi na barua ya mtaa, kadiri taratibu za benki hiyo zinavyoruhusu.

Sasa niseme udhaifu wa njia hii, nao si mdogo. Kwa kuwa benki imekubali kukujua kidogo, inakuruhusu kupitisha kidogo. Kuna kikomo cha salio, kikomo cha muamala kwa siku, na wakati mwingine kikomo cha jumla ya fedha zinazoingia kwa mwezi. Vikomo hivyo huandikwa kwenye masharti ambayo watu hawayasomi, na wakala mwenyewe huenda hayajui vizuri.

Nilimhudumia mama mmoja wa Kirumba, anayenunua dagaa pale Mwaloni na kuwapelekea wateja Dar es Salaam. Alikuwa amefunguliwa akaunti na kijana aliyepita sokoni na mashine, na kwa miezi mitano ilimtumikia vizuri: anaweka laki mbili, anatoa laki moja na nusu. Mwezi wa sita mteja wake wa Dar es Salaam alimtumia shilingi 7,400,000 kwa mkupuo, malipo ya magunia ya wiki tatu. Fedha hazikuonekana kwenye simu. Alikuja tawini akiwa ameshika simu kwa mikono miwili, na alipokaa akasema, "Mwanangu, hela yangu imeliwa." Haikuwa imeliwa. Ilikuwa imezuiliwa, na nilipofungua taarifa zake niliiona sababu waziwazi. Kwenye sehemu ya kazi iliandikwa "mama wa nyumbani". Kwenye sehemu ya mapato yanayotarajiwa kwa mwezi iliandikwa 200,000. Yule kijana hakumuuliza. Alijaza alichozoea kujaza kwa kila mwanamke aliyevaa kanga ili amalize haraka.

Hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka msomaji alishike kuliko mengine yote. Kwa mtu asiye na hati ya mshahara, maneno yaliyoandikwa kwenye fomu yana uzito kuliko karatasi alizoambatisha. Mfumo wa benki haumjui mama wa Kirumba. Unajua kwamba mama wa nyumbani mwenye laki mbili kwa mwezi amepokea milioni saba na laki nne kutoka kwa mtu mmoja, na wajibu wake ni kusimamisha na kuuliza. Angeandikwa mfanyabiashara wa dagaa mwenye mauzo ya milioni kadhaa kwa mwezi, akaunti ileile ingekataa tu kwa sababu ya kikomo, na lingekuwa suala la kupandisha daraja la akaunti badala ya suala la kueleza fedha za kutiliwa shaka.

Njia ya pili, akaunti ya akiba ya kawaida inayofunguliwa tawini, ndiyo tuliyomhamishia. Nyaraka zake ni nyingi kidogo. Kitambulisho cha NIDA au namba yake ndiyo mlango mkuu. Zipo benki zinazopokea kitambulisho cha mpiga kura, leseni ya udereva au pasipoti, na kwa Zanzibar kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, lakini mwenye kuleta kimojawapo cha hivyo badala ya NIDA ajiandae kudaiwa pia barua ya utambulisho wa makazi. Picha ndogo za pasipoti moja au mbili hudaiwa na baadhi ya matawi, mengine hukupiga picha palepale. Kuna kiasi cha kufungulia, na kuna makato ya mwezi ambayo unapaswa kuyauliza kwa jina lake, kwa sababu mtu anayeweka fedha kwa misimu anaweza kukuta akiba yake imepungua bila kuigusa.

Barua ya serikali ya mtaa inastahili maelezo ya kutosha, maana ndiyo inayorudishwa mara nyingi kuliko karatasi nyingine yoyote. Mjini hutolewa na ofisi ya serikali ya mtaa, kwa saini ya mwenyekiti au ya mtendaji wa mtaa. Kijijini ni mtendaji wa kijiji. Zanzibar ni sheha. Mara nyingi utaanzia kwa mjumbe wa shina au balozi wako, ambaye ndiye anayekufahamu kwa sura. Barua inayopita kwa urahisi inaelekezwa kwa meneja wa tawi la benki uliyoichagua. Inataja majina yako matatu kwa herufi zilezile zilizo kwenye NIDA. Inataja mtaa, kata na wilaya, na tangu lini unaishi hapo. Inataja kazi yako. Na ina picha yako iliyobandikwa, huku muhuri wa ofisi ukiwa umegonga nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Ule muhuri wa kukatiza picha ndio unaothibitisha kwamba picha haikubadilishwa, na barua isiyo nao hurudishwa hata kama mengine yote ni sahihi. Iwe na tarehe ya karibuni pia. Ukimwomba mtendaji aongeze mstari mmoja unaosema, kwa mfano, "ni mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni", karatasi hiyo moja itakuwa imejibu maswali mawili, la makazi na la chanzo cha mapato. Ni mstari mfupi, na nimeona ukimwokoa mtu safari ya pili zaidi ya mara moja.

Kuhusu chanzo cha mapato, ni vizuri kufahamu kwamba kwa akaunti ya kawaida yenye fedha za kiasi, maelezo yako kwenye fomu pamoja na saini yako mara nyingi yanatosha. Uthibitisho hudaiwa pale kiasi ulichokitaja kinapokuwa kikubwa, au pale kazi uliyoitaja haifanani na kiasi hicho. Ila kwa kuwa huwezi kujua afisa atauliza nini, beba kitu kimoja kinachoonyesha kazi yako inavyoingiza fedha. Kwa mchuuzi na mfanyabiashara mdogo, taarifa ya miamala ya simu ya miezi 3 hadi 6 ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote, nayo hupatikana kwenye duka la mtandao wa simu ikiwa na muhuri. Afisa anayejua kazi yake hatazami salio la mwisho; anatazama kama fedha zinaingia kwa mpangilio, kama wapo watumaji wanaojirudia, na kama kiasi kinafanana na ulichokitaja. Mama wa Kirumba alileta taarifa ya miezi sita, na kwenye kila ukurasa jina la mteja wake wa Dar es Salaam lilijirudia mara tatu au nne. Alileta pia daftari lake la hesabu, lenye harufu ya dagaa, ambamo aliandika tarehe, idadi ya magunia, bei na jina la mnunuzi. Daftari halina muhuri wala si waraka rasmi, lakini tarehe za daftari zilipolingana na tarehe za miamala hakukuwa na la kuuliza tena.

Wakulima wana lao. Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi, anayeuza kupitia chama cha msingi, hulipwa kwa akaunti ya benki, kwa hiyo chama chenyewe humhimiza afungue. Barua ya chama inayosema kwamba yeye ni mwanachama, pamoja na stakabadhi ya mzigo aliopeleka ghalani, humtosha. Anachopaswa kuangalia ni kwamba jina kwenye daftari la chama ni lilelile la NIDA, maana malipo ya msimu mzima huweza kurudi kwa sababu ya herufi moja. Dereva wa bodaboda huleta leseni yake na mkataba wa pikipiki kama anaendesha ya mtu. Mwenye nyumba ya kupangisha huleta mikataba ya pango. Fundi huleta ankara au makubaliano ya kazi aliyokwisha kuifanya.

Anayeishi kwa kutumiwa fedha na mume, mke au mtoto asione haya kuandika hivyo. "Msaada wa familia" ni chanzo halali cha mapato na kina nafasi yake kwenye fomu. Kinachotakiwa ni kumtaja anayetuma, uhusiano wenu na kazi yake, na ikiwezekana nakala ya kitambulisho chake. Nimewaona akina mama wakijiandika wafanyabiashara kwa kuona aibu ya kuandika kwamba wanatunzwa na watoto, kisha wakashindwa kueleza biashara ni ipi. Aibu ile iliwagharimu zaidi ya ukweli.

Baadhi ya benki bado huuliza mdhamini au mtambulishaji, yaani mteja wa zamani wa tawi hilo anayesaini kwamba anakufahamu. Sharti hilo lilikuwa la kawaida zamani na hadi leo hukutana nalo hasa kwenye akaunti za hundi. Kwa akaunti ya akiba ukiombwa mtambulishaji na huna, uliza kama barua ya mtaa inaweza kuchukua nafasi yake. Mara nyingi jibu ni ndiyo.

Njia ya tatu, akaunti ya mjasiriamali kwa jina lako mwenyewe, nitaipita kwa ufupi, kwa sababu wanaoihitaji ni wachache kuliko wanaoshawishiwa kuifungua. Juu ya yote yaliyotajwa kwenye njia ya pili, inadai namba ya mlipakodi kutoka TRA na leseni ya biashara ya halmashauri, au kwa mdogo zaidi, kitambulisho cha mjasiriamali. Vitambulisho hivyo vilianza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, vikiwalenga wafanyabiashara ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kiwango hicho kina maana yake kwenye dawati la benki: mtu akionyesha kitambulisho cha mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, kisha akaandika kwenye fomu kwamba anatarajia milioni 6 kwa mwezi, ametoa nyaraka mbili zinazokanushana kwa mkono wake mwenyewe. Biashara yako ikiwa imevuka hapo, kata leseni na uchukue namba ya mlipakodi. Na ukitaka akaunti isomeke kwa jina la duka badala ya jina lako, hapo umetoka kwenye akaunti binafsi: utahitaji cheti cha usajili wa jina la biashara kutoka BRELA, na mlolongo wake ni mwingine.

Tofauti za majina zinazikumba njia zote tatu. NIDA huandika majina matatu. Kitambulisho cha mpiga kura kinaweza kusema Hadija pale NIDA inaposema Khadija. Barua ya mtaa ikaacha jina la kati. Laini ya simu ikabeba jina la mume. Kanuni niliyoifuata ni kwamba NIDA ndiyo mizani, na karatasi nyingine zote zirekebishwe zifanane nayo, kuanzia na barua ya mtaa ambayo ni rahisi kuandikwa upya siku hiyohiyo. Tofauti ndogo ya herufi kati ya nyaraka mbili ambazo haziwezi kubadilishwa haraka hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au mahakamani, inayosema kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Lakini kama kosa liko kwenye NIDA yenyewe, kiapo hakitoshi kwa muda mrefu. Nenda ofisi ya NIDA ya wilaya ukarekebishe taarifa kabla ya kufungua akaunti, kwa kuwa benki itavuta jina kutoka humo na kosa litahamia kwenye akaunti, kwenye kadi na kwenye kila malipo utakayopokea.

Kwa ndugu wa Kenya wanaosoma hili, tofauti kubwa ni moja. Huko, pamoja na kitambulisho cha taifa, benki hudai namba ya mlipakodi ya KRA, ile wanayoiita pini, hata kwa akaunti binafsi ya mtu asiye na ajira, kwa kuwa sheria ya taratibu za kodi ya mwaka 2015 imeitaja miongoni mwa mambo yasiyofanyika bila pini. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Namanga anayefungua akaunti pande zote mbili asidhani kwamba orodha ya upande mmoja itamtosha upande wa pili.

Tukirudi kwenye kuchagua, mimi hutumia kipimo kimoja: ni muamala gani mkubwa kuliko yote ambao unautarajia ndani ya mwaka mmoja? Si wastani wa mwezi, maana wastani humficha mtu anayeuza mara tatu kwa mwaka. Kama muamala huo mkubwa uko chini ya kikomo cha akaunti nyepesi ya benki unayoitaka, na lengo lako ni kuweka akiba mbali na mkono na kupokea fedha ndogondogo, funga safari hadi kwa wakala na namba ya NIDA. Barua na picha ni usumbufu usio na faida kwako. Kama muamala huo unazidi kikomo, hata mara moja tu kwa mwaka, kama ilivyo kwa mkulima siku ya malipo ya msimu, nenda tawini moja kwa moja ufungue ya kawaida. Kupandisha akaunti nyepesi baadaye kunawezekana, lakini mtu hugundua haja hiyo siku fedha zimekwama, na siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote za kuanza kumtafuta mtendaji wa mtaa. Ya tatu iwe kwa mwenye leseni tayari, anayetaka kujenga kumbukumbu za mauzo kwa ajili ya mkopo wa biashara. Jambo moja nisingelifanya katika hali yoyote ni kukubali akaunti ya mshahara kwa sababu tu haina makato: unafuu wake unategemea mshahara kuingia kila mwezi kutoka kwa mwajiri, na usipoingia masharti hubadilika.

Njia yoyote utakayochagua, jaza fomu wewe mwenyewe au mwombe afisa akusomee kila alichokiandika kabla hujasaini. Sehemu za kusimamia ni tatu: kazi, chanzo cha mapato, na kiasi kinachotarajiwa kwa mwezi. Kwenye kazi usikubali neno "nyinginezo". Taja kazi na mahali. Kwenye kiasi, andika cha mwezi mzuri, si cha mwezi wa kawaida, bila kukitia chumvi. Biashara ikikua au kazi ikibadilika, rudi tawini uombe taarifa zako zibadilishwe. Wengi hawajui kwamba jambo hilo linawezekana.

Yule mama alirudi siku ya tatu na barua ya mtaa yenye muhuri uliokatiza picha, taarifa ya miamala na daftari. Tulijaza upya pamoja: mfanyabiashara wa dagaa, soko la Mwaloni, Kirumba, mauzo kwa wateja wa jumla, shilingi 8,000,000 kwa mwezi katika msimu. Nilimsomea kila mstari, naye kwenye ule wa kazi aliniomba niurudie. Fedha zake zilionekana kesho yake mchana.